Nilivyojifunza kuitazama Sholay bila kugusa rimoti

Mara ya kwanza nilipoitazama Sholay, filamu ya Kihindi, niliikatakata kwa mkono wangu mwenyewe. Kila wimbo ulipoanza nilibonyeza rimoti, nikaupeleka mbio mpaka watu waache kucheza, kisha nikaendelea na kisa. Nilikuwa peke yangu chumbani, usiku umeingia, filamu ina dakika zipatazo 200, na asubuhi nilikuwa na vipindi vinne vya kufundisha. Niliona nyimbo ni mapambo. Kisa ni majambazi, askari mstaafu na vijana wawili wezi anaowaajiri. Hayo ya kucheza ningeyaangalia siku nyingine.

Nimezaliwa na kukulia Njombe. Filamu tulizozijua kwetu ni za vibanda vya video: ngumi, bunduki, saa moja na nusu, watu wanatawanyika. Picha za Kihindi nilizijua kama msemo tu. Mtu akilia sana kwa jambo dogo, anaambiwa aache mambo ya picha la Kihindi. Mwaka 2014 nilipata kazi kwenye skuli moja Unguja, nikapanga chumba Ng'ambo katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Usichana wake ulipita kwenye viti vya sinema ya Majestic pale Vuga. Kabatini mwake kulikuwa na dividii kama arubaini, nyingine majalada yake yamefifia kabisa, na yeye akizijua kwa rangi ya ukingo wa kasha. Sholay ndiyo aliyonipa kwanza.

Kesho yake jioni nilikwenda kuirudisha. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ushaiona?"

"Nimeiona."

"Ulilia wapi?"

Hakuniuliza kama nimeipenda. Nilimjibu kweli: sikulia. Nilisikitika kidogo Jai alipokufa, basi.

"Na wimbo wa pikipiki?"

Nikamwambia niliuruka. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda, akitupa chuya pembeni, halafu akasema kwa upole, "Basi hukuiona. Jumapili njoo saa kumi na nusu, tuiangalie pamoja."

Jumapili ile ndiyo niliyojifunza mambo niliyoyachukua kwenye filamu zote ndefu za nyimbo nilizotazama baadaye.

Wimbo wa pikipiki unakuja mapema. Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, na Veeru, aliyechezwa na Dharmendra, wako barabarani na pikipiki ya kuiba yenye kigari cha pembeni. Wanapita wakiimba kwamba urafiki huu hawatauvunja. Pumzi itakatika lakini hawataachana. Hakuna kinachotokea. Hawaibi kitu, hawakimbizwi na mtu wa kutisha, wanapanda mabegani kwa wenzao na kucheka. Kwa macho yangu ya Njombe zilikuwa dakika tano za bure. Bibi alikuwa akiimba nao kwa sauti ya chini, maneno ya Kihindi asiyoyajua maana moja moja, lakini anayajua yote.

"Sikiliza sauti," aliniambia. "Wako wangapi?"

Wawili. Waimbaji walikuwa Kishore Kumar na Manna Dey, kwa sababu kwenye sinema ya Kihindi anayeonekana anaimba siye anayeimba. Sauti hurekodiwa studio na mwigizaji akafuatisha kwa midomo. Sikuona umuhimu wa hesabu hiyo wakati ule. Niliuona saa tatu baadaye. Jai amebaki peke yake kwenye daraja, amewazuia majambazi, amejeruhiwa, na Veeru anarudi kumkuta anakata roho. Muziki ule ule wa pikipiki unarudi, umepunguzwa kasi, na sauti iliyobaki ni moja. Ni Kishore peke yake, ile sauti iliyokuwa ikimwimbia Veeru. Hakuna mtu anayesema kwenye filamu kwamba nusu ya urafiki imeondoka. Sikio lako ndilo linalokuambia, ilimradi uliwahi kuisikia nusu ya pili.

Mara ya kwanza muziki ule ulipopita mbele yangu haukuwa na kitu cha kunikumbusha, ndiyo maana macho yangu yalibaki makavu. Nilikuwa nimeiruka amana, halafu nikashangaa sanduku ni tupu. Jumapili ile nililia, na Bibi hakunitazama, alinisogezea tu ncha ya kanga yake.

Kuna na ile sarafu. Jai ana tabia ya kurusha sarafu kila wanapopaswa kuamua jambo zito, mathalani kama wampeleke askari aliyejeruhiwa hospitali na wao wakamatwe tena, au wakimbie. Kwenye daraja anairusha tena kuamua nani abaki. Akishakufa, Veeru anaiokota na kugundua ina sura moja pande zote mbili. Maamuzi yote yale ya bahati yalikuwa ni Jai mwenyewe anachagua. Sarafu hii sikuipoteza mara ya kwanza, kwa kuwa haimo ndani ya wimbo, na nakumbuka nilisema moyoni kwamba ni uandishi mzuri. Lakini wimbo na sarafu vinafanya kazi ile ile. Kitu chepesi kinawekwa mapema, mbele ya macho yako, kikiwa na sura ya mchezo, kisha kinachukuliwa mwishoni kikiwa kizito. Nilichokuwa nimekosa ni kujua kwamba wimbo nao ni kitu kinachoweza kuwekwa.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulizoea: ule mgeuko wa ghafla. Watu wanacheka, na kabla kicheko hakijaisha kuna maiti. Mara ya kwanza niliona kama nimebadilishiwa filamu.

Mahali pake hasa ni ile sherehe ya Holi, sikukuu ya rangi. Kijiji kizima cha Ramgarh kiko nje, watu wanarushiana unga mwekundu na wa manjano, Veeru anacheza katikati na Basanti, msichana wa kijijini anayempenda. Wimbo unakwisha na risasi zinaanza. Watu wa jambazi Gabbar Singh wanaingia na farasi, wanapiga na kuchoma, na muda si mrefu Jai na Veeru wamebanwa mbele ya Gabbar wakiambiwa wainame miguuni pake.

Niliporuka wimbo mara ya kwanza, niliangukia kwenye risasi moja kwa moja, bila ile furaha. Kwangu ilikuwa vita nyingine tu kati ya vita. Jumapili niliutazama wote, na Bibi akanifungua macho kwa swali moja tu.

"Nani aliuliza Holi ni lini?"

Nikakumbuka. Huko nyuma, kwenye mawe ya kambi yake, Gabbar anawauliza watu wake sikukuu ya Holi ni lini. Anauliza mara mbili, kama mtu anayeionja habari. Kwa hiyo sherehe inapoanza, sisi watazamaji tunajua asichokijua mtu yeyote pale kijijini. Ule wimbo wa furaha unaochukua dakika kadhaa ni dakika za kungoja. Kila mara kamera inaporudi kwenye sura ya Basanti inayocheka, unajua kuna mtu amehesabu siku hii. Kilichonidanganya mimi kuona mgeuko ni wa ghafla ni kwamba nilikuwa naangalia bila kusikiliza swali la adui. Tangu hapo, filamu ya namna hii ikianza kufurahi sana, mimi hujiuliza nani amekwishatajwa ambaye hayupo kwenye sherehe.

Na zile rangi hazikuishia kwenye dansi. Jai anapoambiwa ainame, anainama kweli, anachota unga wa rangi uliomwagika chini na kumrushia Gabbar machoni, na mapambano yanaanza upya. Kilichokuwa kinachezewa na watoto muda mfupi uliopita sasa ndicho silaha pekee iliyopo. Wimbo uliviweka vifaa pale ardhini. Ukiuondoa, utauona unga chini na utadhani waandaaji wameusahau.

Halafu kuna mgeuko juu ya mgeuko. Katika mapigano yale, bunduki ilikuwa chini karibu na miguu ya Thakur, yule askari mstaafu aliyewaajiri, naye hakuiokota kuwarushia. Vijana wanamjia juu kwa hasira: tumekufa kwa ajili yako na wewe umesimama tu na shali yako? Thakur anaanza kusimulia. Tunapelekwa nyumbani kwake siku za nyuma, familia imekusanyika mchana wa kawaida, mjukuu anacheza, na wote wanauawa mmoja mmoja, mpaka mtoto mdogo. Hapo hakuna wimbo kabisa. Kuna upepo, na bembea inalia kwa mlio wa chuma. Baada ya rangi na ngoma za Holi, ukimya ule niliusikia mpaka kwenye meno. Mwishoni shali inaanguka, na tunaona kwamba Gabbar alimkata Thakur mikono yote miwili.

Bibi akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Adhana ya magharibi ilikuwa inaingia dirishani kutoka msikiti wa jirani.

Sikuwahi kufikiri kwamba filamu inaweza kusimamishwa bila kuharibika. Lakini sinema hizi zimejengwa zikijua zitasimama. Ukumbini kuna mapumziko katikati, taa zinawashwa, watu wanatoka kununua karanga na soda, wanazungumza, wanarudi. Mwandishi anajua kwamba kabla ya taa kuwashwa lazima akuachie jambo la kwenda nalo nje, na kwamba ukirudi inabidi akuingize upya taratibu. Kwa hiyo ni kama filamu mbili zilizoshonwa, kila moja na mwendo wake. Mimi usiku ule wa kwanza niliitazama kwa pumzi moja mpaka saa saba, kichwa kikiniuma, nikailaumu kwa urefu. Bibi aliswali, akapasha chai, tukakaa kimya robo saa tukiyawazia mabega ya Thakur. Tuliporudi kwenye kiti nilikuwa nina hamu, sina uchovu. Mpaka leo filamu yoyote ya Kihindi inayozidi saa mbili na nusu naigawa hivyo, na sigawi popote tu. Natafuta ule mlango uliofunguliwa katikati na kuachwa wazi.

Wiki ile nilimweleza mwalimu mwenzangu skulini, ambaye wazee wake walitoka Kachi kule India. Aliniambia neno ambalo limenisaidia sana: rasa. Katika Natyashastra, kitabu cha kale cha Kihindi kuhusu maonyesho ya jukwaani, onyesho huhesabiwa kuwa na ladha, na ladha hizo zimetajwa nane: mapenzi, kicheko, huzuni, hasira, ushujaa, hofu, karaha na mshangao. Onyesho zuri huwa na ladha moja iliyo kuu, na nyingine zinaitumikia. Hakuna mahali linapotakiwa libaki na ladha moja toka mwanzo hadi mwisho. Baada ya kitabu hicho karne nyingi zikapita, na kampuni za maigizo za Waparsi zilizoanzia Bombei katika karne ya 19 zikawa zinazunguka na michezo ya usiku mzima, yenye nyimbo, vituko vya kuchekesha na vilio pamoja. Sinema ilipopata sauti, ikarithi mtindo huo bila kuuliza. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata ikatoka Indra Sabha yenye nyimbo takriban 70.

Maneno yale yalinibadilishia swali. Nilikuwa najiuliza hii ni filamu ya aina gani, ya mapigano au ya mapenzi au ya kuchekesha, na kila ikigeuka nilihisi imekosea. Nikaanza kuuliza ladha kuu ni ipi, na hii ya sasa inaitumikiaje. Katika Sholay ladha kuu kwangu ni huzuni, ijapokuwa watu wengi wanaikumbuka kwa bunduki. Mara nilipoamua hivyo, Basanti na maneno yake yasiyokwisha yakapata mahali. Kijijini kuna Radha, mkwe wa Thakur, mjane kijana, aliyechezwa na Jaya Bhaduri. Anavaa nyeupe, hasemi karibu neno lolote, na kila usiku anazima taa moja moja huku Jai akiwa mbali anapuliza kinanda cha mdomo. Baadaye tunaonyeshwa Radha kabla hajaolewa, siku ya Holi, amejaa rangi, anaongea bila kupumua kama Basanti. Hapo ndipo unaelewa kwa nini umesikilizishwa kelele za Basanti muda wote ule. Ulikuwa unaonyeshwa Radha alivyokuwa. Bibi alipofika sehemu hiyo alisema tu, "Mimi nilikuwa muongeaji vilevile," akanyamaza.

Nyimbo mbili za mwisho ndizo zilizoniondolea kabisa ile fikra kwamba kisa kinasimama watu wanapocheza. Ya kwanza iko kambini kwa Gabbar. Wamekuja wauza silaha, moto umewashwa, Helen anacheza, na sauti nzito inayoimba ni ya R. D. Burman mwenyewe, mtunzi wa muziki wa filamu. Ukitazama miguu ya mchezaji tu, utaona ni dansi. Tazama kingo za picha: Jai na Veeru wananyemelea gizani, wanatega baruti, na wimbo unapofika mwisho silaha zinalipuka. Niliyeuruka wimbo ule nilijikuta kwenye moto bila kujua umetoka wapi, na nilirudisha nyuma kidogo tu, nikakosa tena, kwa sababu nilirudi mpaka mwisho wa wimbo na si mwanzo wake.

Ya pili ni ile ya Basanti juani. Veeru amefungwa, na Gabbar anatoa sharti: miguu ya Basanti ikiendelea kucheza, Veeru ataendelea kupumua, miguu ikisimama, bunduki italia. Wanamvunjia chupa mbele ya miguu na anacheza juu ya vigae. Sauti ni ya Lata Mangeshkar. Sasa niambie wimbo huu ungerushwaje mbele. Urefu wake ndio kisa chenyewe. Kila beti ni muda ambao mtu bado yu hai, na wewe mtazamaji, ambaye mpaka juzi ulikuwa unatamani nyimbo ziishe upesi, unaanza kuomba huu usiishe. Nilitambua hilo nikiwa nimeshika rimoti mkononi, imelala, sijaigusa.

Sisemi kwamba kila wimbo una haki hiyo. Ndani ya filamu hiyo hiyo kuna ule ambao Veeru anamwimbia Basanti akimfuata kwenye gari lake la farasi. Nimeutazama mara nyingi nikingoja uniletee kitu baadaye, na haujaleta. Ni wa kuburudisha, unapendeza, na ukiondolewa hakuna kitakachokosekana mbele. Vilevile vituko vya mkuu wa gereza mwenye masharubu ya Hitla, Bibi huvicheka kila mara mpaka anashika mbavu, mimi bado naviona virefu. Kipimo changu kimekuwa hicho: baada ya wimbo au kichekesho, nangoja nione kama kuna kitu mbele kitakachouita. Mara nyingi wito hauji mpaka saa moja au mbili zipite, kwa hiyo mtazamaji mgeni hawezi kuamua papo hapo aruke lipi. Ndiyo sababu ya kutoruka chochote mara ya kwanza. Mara ya pili fanya utakavyo, utakuwa unajua unachokiacha.

Kitu kingine ambacho mgeni hanacho ni nyimbo zenyewe kichwani. Filamu hizi zilikuwa zikiingia ukumbini watu wamekwishazisikia nyimbo zake kwa redio na sahani za santuri. Mtazamaji alikwenda kuona wimbo anaoujua umewekwa wapi kwenye maisha ya watu. Mimi nilikuwa nausikia wimbo mgeni, kwa lugha ngeni, nikisoma tafsiri ya Kiingereza inayopita chini kwa kasi, na wakati huo huo natakiwa niangalie dansi. Hata aliye na akili nyingi atachoka. Siku hizi, nikipata filamu nisiyoijua, nasikiliza nyimbo zake siku mbili tatu kabla, nikiwa nafua au nasahihisha madaftari. Sitafuti maana. Nataka sikio lizoee, ili macho yawe huru siku ya kuangalia.

Hapa Unguja jambo hilo lilinijia pia kwa njia nisiyoitazamia. Kwenye harusi moja ya jirani walipiga taarabu, nikasikia sauti ninayoijua ikitoka na maneno ya Kiswahili. Nilimgeukia Bibi, akaitikia kwa kichwa. Kuazima sauti za sinema za Kihindi na kuzitilia mashairi ya Kiswahili ni desturi ya zamani pwani. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana sana kwa mtindo wa Kihindi. Kumbe Bibi na wenzake hawakuwa wakizitazama filamu zile kama wageni. Walizisikia kwenye harusi zao, wakaziona Majestic, wakarudi wakaziimba nyumbani. Mimi niliyetoka bara nilitaka kuyapata yote hayo usiku mmoja, tena kwa kuruka.

Filamu niliyojaribu kuitazama peke yangu baada ya hapo ilikuwa Lagaan ya mwaka 2001, ya Ashutosh Gowariker, ndefu zaidi, dakika 224. Kijiji cha Champaner, mwaka 1893, ukame, na watawala Waingereza wanadai kodi ya mazao ambayo hayapo. Mapema kabisa mawingu yanakusanyika, wanakijiji wanatoka nje na kuanza kuimba, ngoma zinapigwa, wazee wanacheza. Miezi michache nyuma ningebonyeza rimoti. Nilitulia, nikajiuliza lile swali la Bibi: nani ametajwa ambaye hayupo? Mvua. Wanaiimbia mvua ambayo haijafika. Na kweli, wimbo unapoisha mawingu yanapita juu ya vichwa vyao na kwenda zake, uwanja ni mkavu kama ulivyokuwa, watu wamesimama na mikono iliyoinuliwa. Furaha na maafa vimo ndani ya wimbo mmoja, hakuna hata haja ya mtu kuingia na bunduki. Aliyeruka angeona ukame mwanzo na ukame mwisho, akadhani hakuna kilichotokea.

Nilimsimulia Bibi kesho yake, na alifurahi sana, akaniuliza muziki ni wa nani. Nilipomwambia ni A. R. Rahman alisema huyo ni wa vijana.

Pamoja na yote hayo, kuna mgeuko mmoja wa Sholay ambao mpaka leo haujanikalia vizuri, na nadhani hautanikalia. Uko mwishoni kabisa. Gabbar amekwisha kukamatwa. Moto wa kumchoma Jai unawaka. Radha, ambaye Thakur alikuwa amekwishaenda kwa baba yake kuomba aruhusiwe kuolewa tena, anasimama dirishani akitazama moto ule, kisha anafunga dirisha. Baada ya hapo Veeru yumo kwenye treni anaondoka peke yake, anageuka, na Basanti yumo humo behewani anamngoja. Filamu inaisha.

Nilimwambia Bibi kwamba hapo wamefanya haraka mno. Mjane amefunga dirisha sasa hivi, na sisi tunatakiwa tufurahi?

"Mimi hiyo treni sikuwahi kuiona Majestic," alisema. "Watu wakishaona moto walikuwa wanasimama, viti vinapiga kelele, huoni kitu. Nimekuja kuiona hapa nyumbani, uzeeni."

"Ulionaje?"

Alichukua muda. Kwenye skrini majina yalikuwa yanapita.

"Nilirudisha nyuma," alisema, "mpaka kwenye dirisha. Nikazima hapo."

Tangu siku ile tukiitazama pamoja tunafanya hivyo. Nikiwa peke yangu naiacha iende mpaka treni iondoke.